Uso unakuchoma hata kwa losheni ya kawaida? Weka chupa kando kwa wiki mbili

Kuna kipimo unachoweza kukifanya leo jioni bila kutumia hata shilingi. Nawa uso kwa maji matupu ya vuguvugu, ukaushe kwa kuugusagusa na taulo safi, kisha kaa robo saa bila kupaka chochote. Achana na kioo kwa sasa. Sikiliza ngozi tu. Je, mashavu yanavuta kana kwamba yameshonwa? Ukitabasamu, unahisi uso haukutoshi? Sasa paka losheni ile ile ambayo umeitumia kwa miezi bila shida. Kama leo inakuchoma pembeni mwa pua na kuzunguka mdomo, usikimbilie kulaumu losheni. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ukuta wa ngozi yako umebomoka.

Hapa ndipo wengi hupotea njia. Ngozi ikichoma, mtu anasema dawa "inafanya kazi". Ikibanduka, anasema ngozi mpya inakuja. Ikitoa vipele vidogo, anaongeza seramu nyingine. Kumbe kinachohitajika ni kupunguza, na kupunguza kwelikweli, hadi vitu vitatu pekee kwa siku 14.

Ukuta gani huo?

Fikiria nyumba za mawe ya kuchonga unazoziona ukipita Lanet au Section 58. Mawe peke yake hayazuii mvua. Kinachofanya ukuta uwe ukuta ni simiti iliyojazwa katikati ya jiwe na jiwe. Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa hivyo hivyo. Mawe ni seli zilizokufa na kukauka, zimepangwa safu kumi na tano au ishirini hivi. Simiti ni mafuta maalumu ambayo ngozi hujitengenezea: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Ukuta wote huo ni mwembamba kuliko karatasi, lakini ndio unaozuia maji ya mwili yasitoke na uchafu usiingie.

Simiti hiyo hudumu vizuri ngozi inapokuwa na uasidi kidogo, pH ya karibu 5. Sabuni ya kawaida ya kipande, iwe ya kuogea au ya kufulia, huwa na pH ya 9 au 10. Ukinawa nayo mara moja, ngozi hujirudi yenyewe baada ya saa chache. Ukinawa nayo asubuhi na jioni, kisha ukapitisha tona ya asidi, kisha skrabu, kila siku unang'oa simiti kabla ile ya jana haijakauka.

Mazingira ya huku kwetu nayo hayasaidii. Inasemekana jina Nakuru lilitokana na neno la Kimaasai la mahali penye vumbi, na ukitembea mjini mwezi wa Januari au Februari utakubali. Hewa ni kavu, upepo unavuma, na hewa kavu huvuta maji kutoka kwenye ngozi haraka zaidi. Isitoshe, mji uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Kadiri unavyopanda juu ndivyo miale ya jua inavyozidi kuwa mikali, hata siku ambayo baridi inakudanganya uvae sweta. Ngozi nzima huvumilia haya yote. Ile iliyobomoka haiwezi.

Dalili kwenye ngozi nyeusi

Video nyingi za mtandaoni zitakwambia utafute wekundu. Kwa ngozi ya maji ya kunde au nyeusi, ukingoja wekundu utangoja sana. Kwetu sehemu iliyowaka huonekana nyeusi zaidi kuliko jirani yake, au hupiga rangi ya zambarau au kijivu. Kwa hivyo tegemea zaidi unachohisi kuliko unachokiona.

Ya kwanza ni kuchoma. Vitu visivyo na ukali wowote, kama losheni ya watoto, sanskrini au hata jasho lako mwenyewe, vinauma. Ya pili ni kuvuta baada ya kunawa. Ya tatu huwachanganya watu sana: uso unang'aa kama plastiki, na mchana mafuta yanatoka kwenye paji, lakini ukiushika unahisi mkavu na unakwaruza. Mtu anasema "nina ngozi ya mafuta" na kununua sabuni kali zaidi. Ya nne ni ukavu mweupe unaorudi saa moja tu baada ya kujipaka, na faundesheni inayojikusanya vipande vipande kando ya pua. Ya tano ni vipele vidogo vya ukubwa mmoja vilivyotapakaa mahali ambapo hukuwa na chunusi.

Dalili moja pekee haitoshi kuhukumu. Ukiwa na tatu kati ya hizi, na zilianza ndani ya wiki chache baada ya kuongeza bidhaa mpya, una jibu lako.

Tuchukue mfano

Tumuweke mbele yetu msichana wa miaka 22, wa kubuni, anayepanda matatu kila asubuhi kutoka mjini kwenda chuoni Njoro. Alikuwa na chunusi chache kidevuni. Mwezi wa kwanza alinunua fesiwoshi ya povu yenye asidi ya salisiliki, akaitumia asubuhi na jioni. Chunusi zilipungua. Akaongeza tona ya asidi ya glikoliki kila usiku, kisha seramu ya vitamini C asubuhi, kisha retinoli siku tatu kwa wiki. Jumamosi anajisugua kwa sukari na ndimu kwa sababu "ni asili".

Wiki ya sita, mashavu yake yana vipele vidogo na mabaka meusi. Sanskrini inamchoma, kwa hivyo ameiacha. Jua la Njoro linazidisha mabaka. Anaona mabaka, anaongeza asidi. Ndipo rafiki anamwambia kuna krimu ya kuchanganywa, haina jina, inauzwa kwenye kikopo kidogo, na ndani ya siku tatu uso unakuwa laini.

Mkasa wa kweli uko hapo. Krimu nyingi za namna hiyo hufanya kazi haraka kwa sababu zina steroidi kali kama klobetasoli, ambayo ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Hunyamazisha moto bila kujenga ukuta. Baada ya wiki kadhaa ngozi huwa nyembamba, na ukiiacha uso hulipuka upya vibaya kuliko mwanzo. Nyingine huwa na zebaki au haidrokwinoni, ambazo zimepigwa marufuku katika vipodozi hapa Kenya. Kati ya seramu ya kwanza na kikopo kile kuna hatua chache sana, na kila hatua inaonekana ya busara unapoichukua. Msichana wetu bado hajafika huko, kwa hivyo tumrudishe nyuma.

Vitu vitatu, siku 14

Kwanza anaweka chupa zote kwenye mfuko na kuufunga: asidi zote, retinoli, vitamini C, tona, skrabu, barakoa za kubandua na ndimu. Hazitupi, anazipumzisha. Kama una dawa ya ngozi uliyoandikiwa na daktari, hiyo usiiache kiholela. Mpigie aliyekuandikia na umweleze inavyokuchoma.

Asubuhi hatumii sabuni yoyote usoni. Maji matupu yanatosha, kwa sababu usiku hakulala kwenye vumbi. Maji yawe ya vuguvugu au baridi kidogo. Yale ya moto ya asubuhi ya Julai yanayeyusha mafuta ya ngozi jinsi yanavyoyeyusha mafuta kwenye sufuria. Anakausha kwa kugusa, bila kusugua, na kuacha unyevu kidogo. Ndani ya dakika moja au mbili, kabla unyevu haujapotea, anapaka losheni isiyo na harufu. Akipata yenye gliserini na seramidi, poa. Asipoipata, losheni rahisi isiyo na manukato inatosha.

Mwisho ni sanskrini ya SPF 30 au zaidi. Kipimo chake ni mistari miwili, uliyoikamua kwenye kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Ile yenye zinki oksaidi huchoma kidogo kuliko nyingine, ingawa huacha weupe. Ikiwa siku za mwanzo kila sanskrini inauma, asijitese. Avae kofia pana au abebe mwavuli, na aijaribu tena siku ya tano.

Jioni ndipo sabuni inaingia, kwa sababu uso umebeba vumbi na sanskrini. Anatumia sabuni ya maji ya kunawia uso isiyo na harufu na isiyotoa povu jingi, kwa vidole tu, kwa nusu dakika, kisha anaisuuza vizuri. Halafu losheni ile ile juu ya ngozi yenye unyevu. Baada ya hapo anachukua petroliamu jeli kiasi cha punje moja ya njegere, anaipasha joto viganjani na kuibonyeza kwenye sehemu kavu pekee: mashavu, pembeni mwa pua na kuzunguka mdomo. Jeli haiongezi maji. Kazi yake ni kufunika, maji yaliyomo yasitoroke wakati ukuta unajengwa. Pale kidevuni chunusi zinapotoka, anaruka.

Mfuko umetoboka? Mpango bado unawezekana. Chukua matone mawili au matatu ya gliserini ya dukani, uyachanganye na maji kwenye kiganja kilicholowa, paka usoni, kisha juu yake petroliamu jeli nyembamba. Gliserini usiipake ikiwa tupu kwenye uso mkavu, maana katika hewa kavu kama yetu inaweza kuvuta maji kutoka ndani ya ngozi yenyewe. Na usiandae chupa nzima ya mchanganyiko ukaiweka wiki. Maji yaliyokaa humo huota vijidudu.

Mbona wiki mbili?

Siku 14 hazikuchaguliwa kwa bahati. Seli inayofika kwenye tabaka la juu la ngozi hukaa humo wiki mbili hivi kabla ya kubanduka. Kwa maneno mengine, ndani ya siku hizo ukuta wa zamani uliokwanguliwa huondoka na mwingine huchukua nafasi yake, ukiupa nafasi tu. Ndiyo maana kujaribu "kaasidi kidogo tu" siku ya nane hukurudisha nyuma: unakwangua safu mpya kabla hazijakamilika.

Siku ya kwanza hadi ya tatu, msichana wetu haoni mabadiliko makubwa. Losheni bado inachoma, ila mchomo unaisha ndani ya dakika moja au mbili. Ukidumu zaidi ya dakika kumi, au uso ukivimba, losheni hiyo haimfai. Aioshe, abaki na petroliamu jeli pekee.

Kufikia siku ya nne hadi ya saba, kuvuta baada ya kunawa kunapungua. Ngozi inaweza kubanduka zaidi kuliko mwanzo, na hapa ndipo mkono unawashwa kuichuna. Asiichune. Kila kipande anachokichuna kinaondoka na jirani yake ambaye bado alikuwa kazini. Chunusi moja au mbili zinaweza kurudi kidevuni kwa kuwa ameacha asidi. Hiyo ni bei ndogo, na kuna muda wa kuzishughulikia baadaye.

Wiki ya pili, losheni haichomi tena, ngozi inakuwa laini ukiipitisha kidole, na mng'ao ule wa plastiki unatoweka. Mafuta ya paji nayo yanaweza kuonekana machache, kwa kuwa uso haukaushwi tena kila asubuhi.

Kitu kimoja hakitabadilika ndani ya siku 14: mabaka meusi. Hayo ni rangi iliyobaki baada ya ngozi kuwaka, na huchukua miezi kufifia. Ukipima mafanikio kwa mabaka, utakata tamaa siku ya kumi na kuirudia tona. Pima kwa kuchoma, kuvuta na kubanduka. Mabaka yaachie muda, na sanskrini.

Wanaume, hii yenu pia

Usidhani stori hii ni ya wasichana. Fikiria ziara ya kawaida kwa kinyozi: mashine inapita kavu, wembe unafuata pembeni, kisha skrabu ya chembechembe, taulo ya moto, na mwisho spiriti inayokufanya ukunje uso. Kila moja ya hatua hizo inakwangua. Ukirudia kila wiki, shingo na taya hazipati nafasi ya kupona, na vipele vya ndevu vinazidi.

Katika wiki zako mbili, mwambie kinyozi mapema, kabla hajaanza: hakuna skrabu, hakuna taulo ya moto, hakuna spiriti kwenye uso mzima. Vichwa vya mashine avisafishe kwa spiriti kadiri apendavyo, tena umwombe afanye hivyo mbele yako, kwa sababu vikiwa safi hitaji la kukumwagia wewe linapungua. Aache ndevu fupi badala ya kunyoa hadi mzizi. Ukifika nyumbani, suuza kwa maji na upake losheni.

Vya jikoni vibaki jikoni

Ndimu ina pH ya karibu 2. Mbali na ukali huo, maji yake yakikutana na jua kali yanaweza kuunguza ngozi na kuacha baka la miezi. Magadi na soda ya kuokea zina ukali wa upande wa pili, zinaipandisha pH mbali na ile 5 ambayo ukuta unaipenda. Dawa ya meno kwenye chunusi hukausha na kuchoma. Sukari ni skrabu yenye kona kali. Kitu kuwa cha shambani hakukifanyi kiwe kipole.

Angalia pia vitu visivyo vya urembo: taulo moja ya kuogea na kupangusia uso, foronya isiyofuliwa kwa wiki tatu, na mafuta ya nywele yenye manukato yanayoshukia kwenye paji.

Siku ya 15

Rudia kile kipimo cha mwanzo. Maji matupu, robo saa, kisha losheni. Kama hakuna kuvuta wala kuchoma, kirudie siku mbili zaidi. Ukifaulu mara tatu mfululizo, unaweza kufungua ule mfuko na kutoa kitu kimoja tu.

Msichana wetu alianza na chunusi, kwa hivyo anachagua fesiwoshi yake ya asidi ya salisiliki na kuacha vingine ndani. Anaijaribu kwanza chini ya taya kwa siku tatu. Kisha anaitumia usoni usiku mara mbili kwa wiki, na siku nyingine anabaki na sabuni yake pole. Anangoja wiki mbili kabla ya kuamua kama anahitaji kingine. Akitaka retinoli, iwe usiku tofauti na wa asidi, na juu ya losheni. Sukari na ndimu hazirudi kamwe. Ikianza kuvuta tena, anajua ni nani wa kulaumu, kwa sababu aliongeza kimoja tu.

Ikiwa haikubali

Kuna hali zinazofanana na ukuta uliobomoka lakini hazitaponywa na mpango huu. Vipele vya ukubwa mmoja vinavyowasha sana kwenye paji na pembeni mwa uso vinaweza kuwa vya fangasi, na hivyo hutaka dawa yake. Mwasho mkali wa miaka mingi, unaoingia pia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, unaweza kuwa ukurutu. Ngozi ikitoa majimaji au maganda ya manjano, ikivimba karibu na macho au ukipata homa, usihesabu siku. Nenda hospitalini siku hiyo.

Na kama umeshatumia ile krimu ya kikopo kwa wiki kadhaa, wiki mbili za losheni hazitatosha, na kuiacha ghafla peke yako kunaweza kuwa kugumu. Nenda kwa daktari wa ngozi, ubebe kikopo chenyewe, na useme ukweli umeipaka kwa muda gani. Hatashangaa. Anachohitaji ni kujua ameanzia wapi.

Siku 14 ni ndefu ukiwa na chupa saba zinazokutazama kutoka mezani. Ziweke chini ya kitanda.